Mgongo wa Koti

Wafu hawatoi risiti. Nilikuja kulitambua hilo nikiwa nimekaa kwenye benchi la mahakama hapa Likasi, mkono wangu wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, nikisikiliza watu waliosoma wakibishana juu ya kile nilichokuwa nikipata kabla lori halijanipitia.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani mbili, meza moja ya kukatia, na chumba cha mbele katika nyumba ya kupanga, ambacho mlango wake unatazama njia ya kwenda sokoni. Nimewashonea watu wa mji huu sare za shule, magauni ya vitenge, mashati ya kwaya, na suruali za vijana wanaotaka zibane mpaka wanashindwa kuinama. Lakini zote hizo zilikuwa ni kazi za kununulia chumvi. Kilichotulisha, kilicholipa kodi na ada ya watoto, ni nguo za kuzikia. Nilikuwa nashona suti za maiti.

Katika kazi hiyo niliingizwa na jirani yangu aliyehudumu katika chumba cha maiti cha hospitali moja. Siku moja alikuja analalamika. Watu wanamletea suti za marehemu, zile alizovaa kwenye harusi miaka iliyopita, halafu wanataka avikwe ndani ya muda mfupi. Mtu amekwisha kukakamaa. Mikono haikunjiki. Nguo inachanika mikononi mwake na yeye ndiye anayelaumiwa. Akaniambia nimshonee koti analoweza kumvisha mtu bila kumgeuza wala kumvunja. Akanionyesha kwa mikono yake mwenyewe jinsi linavyotakiwa kuwa: kola, kifua, mifuko iliyoshonwa kwa juu tu, mikono iliyo wazi upande wa chini, na nyuma hakuna kitu. Vipande viwili vya utepe vinapita chini ya mabega, basi. Suruali nayo ni hivyo hivyo. Unamwekea juu kama unavyomfunika mtoto aliyelala.

Kila fundi anayeshonea wafu hapa mjini anakata hivyo. Hakuna anayelisema. Mjane anapokuja kuaga, anakuta mume wake amelala ndani ya sanduku, kola imenyooka, tai imekaa sawa, kitambaa cheupe kimechomekwa pembeni mpaka kwenye mbavu. Anaona mtu aliyevaa. Na mimi nitabishana na yeyote anayesema hakuvaa.

Nilikuwa narudi kutoka Kakontwe kwa baiskeli, nimekwenda kuchukua vipimo kwa familia moja, wakati lori la mawe liliponikuta kwenye mteremko. Dereva alisema breki zilikataa. Huenda zilikataa kweli. Mimi nilirukia kando na baiskeli ikaangukia huko, lakini mkono wangu ulibaki barabarani. Hospitalini walikata vidole vitatu vya kati. Wakaniachia kidole gumba na cha mwisho, na kiganja kisichogeuka. Mpaka leo kidole cha shahada, ambacho hakipo, kinawasha kwenye ncha, pale pale sindano ilipokuwa ikinichoma nikishona haraka. Nikitaka kukikuna, nakuna hewa. Siku moja mke wangu alinikuta nikifanya hivyo, akatoka nje ya chumba.

Dereva alishtakiwa, nami nikaingia katika kesi kama mtu anayedai fidia, partie civile kama wanavyomwita. Juu ya kosa hapakuwa na ubishi mrefu. Dereva alihukumiwa, na shirika la bima la mwenye lori likasema ndiyo, litalipa. Ubishi wote ukahamia kwenye swali moja: kulipa nini? Dawa na hospitali zilikuwa na karatasi zake. Maumivu nayo mahakama ina namna yake ya kuyakadiria. Lakini kazi yangu, ile niliyoipoteza na ile nitakayoendelea kuipoteza mpaka uzee, ilikuwa haina karatasi hata moja.

Wakili wa bima alikuwa mwanamume mpole, na suti yake ilikuwa nzuri ingawa mikono ilimzidi kidogo. Aliyemshonea alimpima akiwa na haraka. Alisimama akasema kwa Kifaransa, kisha karani akatueleza kwa Kiswahili, kwamba fundi huyu hana hati ya mshahara, hana hesabu za biashara, hana chochote ila patenti ya kila mwaka, karatasi inayoonyesha kwamba alilipa ruhusa ya kufungua duka. Patenti haisemi mtu anapata nini. Kwa hiyo mahakama ichukue mshahara wa chini uliowekwa na serikali, ihesabie hapo, imalize. Alisema hivyo bila chuki, namna mtu anavyotaja bei ya mkate. Mimi nilihisi kwamba ananizika.

Wakili wangu alikuwa msichana bado, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko kifua chake. Alinikalisha kwenye korido akanifungulia jambo lenyewe. Ajali ni jambo lililotokea, akasema, na jambo lililotokea unaweza kulithibitisha kwa njia yoyote: mashahidi, fundi mwenzako, hata kuta za duka lako. Karatasi si lazima. Lakini akanionya pia.

"Papa, juge haiangalie tu kile kilikuwa kinaingia. Anaangalia kile kilikuwa kinabakia. Unatosha nguo, unatosha uzi, unatosha courant, unatosha kodi ya nyumba. Kile kinabakia mu mukono yako, njo kile lori ilikunyanganya."

Nikamwambia nimeelewa: kwanza hakimu atatoa gharama za kitambaa, uzi, umeme na kodi, na kinachobaki ndicho hasara yangu. Nilikuwa nimeelewa kuliko alivyodhani, na nilijua hesabu hiyo ingefika wapi.

Jambo lilikuwa hivi. Daktari aliyeteuliwa na mahakama alikwisha kuandika kwamba kwa mtu wa kazi yangu nimepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa kufanya kazi, na kwamba haitarudi. Hakimu angechukua faida yangu ya mwezi. Kwa miezi niliyokaa bila kufanya kazi kabisa angeihesabu yote. Kwa miaka iliyobaki angehesabu lile fungu la daktari, ile nusu na zaidi. Kila kitu kilisimama juu ya faida hiyo moja ya mwezi. Ikiwa kubwa, tungebaki na duka, tungemlipa mtu wa kuendesha cherehani ya pili, watoto wangeendelea na shule. Ikiwa ni mshahara wa chini wa serikali, tungeuza cherehani zote na kwenda kwa shemeji yangu Kambove, ambako watoto wetu wakubwa wangeshuka mashimoni kuchimba madini kama watoto wake walivyoshuka. Mmoja wa wale hakupanda tena. Mimi ndiye niliyemshonea.

Tulianza na mashahidi niliowashonea nguo za walio hai. Ee Mungu, walio hai. Mama mmoja alisema mimi ni fundi mzuri ila ghali, na nilimchelewesha Pasaka. Kiongozi wa kwaya alisifu mashati yangu mpaka karani akamwomba afupishe, halafu alipoulizwa bei akasema hilo liko kwa mtunza fedha. Hakimu aliandika kidogo sana siku hiyo.

Kisha akaja jirani yangu wa chumba cha maiti. Huyu aliulizwa ni mara ngapi alikuwa akinitumia familia, akajibu kwamba karibu kila wiki, na wakati wa baridi zaidi. Hakuulizwa kingine. Alinitazama akiwa anashuka kizimbani, na nilijua anafikiria kile ninachofikiria: makoti yasiyo na mgongo.

Na mwisho akaja mjane mmoja. Nilikuwa nimekwenda kumwomba nikiwa na aibu, maana kilio chake kilikuwa hakijatimiza mwaka. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa machimbo ya mawe, mtu mkubwa, mpole, mwenye kucheka polepole. Mama huyo alipanda akaapa, akataja bei aliyonilipa bila kuongeza wala kupunguza, akasema alikuta familia nyingine mbili zinangoja dukani kwangu siku hiyo hiyo. Halafu akaongeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba mume wake alilala kwenye sanduku kama bwana harusi. Hakimu aliacha kuandika akamsikiliza. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Bei ikawa imejulikana, na wingi wa kazi ukawa umejulikana. Ilibaki gharama. Hapo hakimu akamteua mtaalamu, fundi mzee wa mji huu, aliyenitangulia katika kazi kwa miaka mingi, ili aje dukani, aangalie vifaa, na aeleze kila nguo inakula nini. Alikuja kweli. Alipima meza, akaendesha cherehani zote mbili, akamwuliza mke wangu juu ya uzi na umeme, akanywa maji, akaenda. Nilifurahi kwamba ni yeye. Nilijidanganya.

Ripoti yake iliposomwa, nguo nyingine zote zilikuwa sawa. Lakini kwenye suti ya kuzikia aliandika mita tatu za kitambaa, bitana ya koti zima, kitambaa kigumu cha kifuani, mto wa mabega, vifungo, zipu. Yaani aliandika suti ya mtu anayekwenda kazini. Ukitoa gharama hizo kwenye ile bei aliyoitaja mjane, kinachobaki hakinunui hata kiberiti. Faida yangu ya mwezi ikaanguka mpaka ikakaa karibu kabisa na ule mshahara wa serikali. Wakili wa bima alikunja karatasi zake kwa upole ule ule.

Nikaenda kwa mzee dukani kwake. Alikuwa anapindia sketi, miwani imeshuka puani.

"Papa," nikamwambia, "unajua vile tunashonaka."

"Minajua. Na minye nimeshonea bantu ba kuzika."

"Sasa juu ya nini uliandika mita tatu?"

Alikata uzi kwa meno, akaweka sketi chini. "Ulitaka niandike nini? Ile karatasi inasomwa mbele ya bantu. Leo inasomwa, kesho muji yote inajua kama bamarehemu babo banalala mugongo wazi. Minye siwezi kufanya ile."

"Na batoto bangu?"

"Batoto bako beko bazima," akasema.

Sikumtukana. Nilitaka, na maneno nilikuwa nayo mdomoni, lakini mzee yule aliokota sketi akaanza kuipindia upya pale pale alipokwisha kuipindia. Nikamwelewa, na kumwelewa kukaniongezea hasira, kwa sababu mtu unayemwelewa huwezi hata kumchukia ukapumzika.

Kutoka siku hiyo sikupata amani. Watu husema wafu huja usiku. Wangu walikuja mchana kweupe. Nilianza kuona migongo. Nikipita njiani naona mgongo wa mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia, naona pale mshono wa katikati ungepita. Jumapili nilikaa benchi la mwisho kanisani, na mbele yangu palikuwa na kanisa zima limegeuka, mabega kwa mabega, na kila koti lilikuwa na mgongo wake. Padri alipowataja marehemu wetu wote, niliwaona wangu wamelala mistari kwa mistari, nguo nzuri juu, na chini ngozi imegusa ubao. Mvua ilikuwa imeanza mwaka huo kwa nguvu. Nilikuwa nikiisikia inapiga bati na kujiuliza inafika wapi ikiingia ardhini.

Sikuwahi kuona kwamba niliwatendea vibaya, na hata sasa sioni. Niliwavisha jinsi wanavyoweza kuvikwa. Lakini kutofanya kosa na kulala usingizi ni vitu viwili, nami kimoja tu nilikuwa nacho.

Mke wangu ndiye niliyemwuliza nifanye nini. Alikuwa anajua siri hiyo tangu mwanzo. Utepe wa chini ya mabega alikuwa akiushona yeye. Alikaa na sufuria mapajani, anachambua majani ya mihogo, hakuinua kichwa.

"Ukisema, batakuchukia," akasema. "Ukinyamaza, tunaenda Kambove. Minye sitakuchagulia. Lakini ile mama mujane, kama anasikia, asikie mu kinywa yako. Asisikie mu njia."

Siku ya kikao kilichofuata yule mama mjane alikuwepo. Hakuitwa, alikuja mwenyewe, akakaa benchi la mbele, kitambaa cheusi kichwani, akaniinamia kidogo kwa heshima, kama mtu aliyekuja kusimama na wa kwake. Wakili wa bima alisema ripoti ni nzuri na hana neno. Wakili wangu aliipinga, maskini, lakini kwa mikono mitupu, kwa sababu sikuwa nimemwambia kitu. Aliomba mahakama ikadirie tu kwa haki, ex aequo et bono, maneno ya Kilatini ambayo mahakimu wetu huyatumia pale hasara inapoonekana na hesabu yake haionekani. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamkumbusha kwamba hata kukadiria kwa haki kunahitaji kitu cha kuanzia. Kisha akanigeukia.

"Partie civile, uko na neno ya kuongeza?"

Nilisimama. Nilipiga moyo konde, nikaongea nikimtazama hakimu peke yake, kwa sababu ningetazama kwingine ningekaa tena. Nikasema suti ya kuzikia haili mita tatu. Inakula nusu. Haina bitana. Haina mto wa mabega, mtu aliyelala hahitaji mabega. Nikasema haina mgongo. Nikaeleza kwa nini, kuhusu mikono isiyokunjika na nguo zinazochanika, nikaeleza juu ya utepe. Nikasema kila fundi anakata hivyo na hakuna familia iliyowahi kuuliza.

Karani alikuwa ameacha kutafsiri. Wakili wangu alinitazama kwa macho mapana, akaanza kuandika haraka haraka. Upande wa kushoto, kwenye benchi la mbele, nilisikia mtu anavuta pumzi, sikugeuka.

Wakili wa bima aliinuka, na kwa mara ya kwanza upole wake ulikuwa umepungua. Alisema mambo yamebadilika. Mtu anayeuza nusu ya suti kwa kuiita suti anadanganya. Na pato la udanganyifu mahakama hailifidii. Anayedai lazima awe amepoteza kitu cha halali. Kama hesabu ya mtaalamu imekufa, basi na biashara yenyewe ife pamoja nayo. Nilimwelewa hata kabla ya karani kutueleza. Nilikuwa nimefungua mdomo ili kuokoa watoto wangu, na sasa hata kile kidogo kilikuwa kinateleza.

Hakimu alifunua kurasa za ushahidi wa nyuma. Kisha akamwita yule mama, akamkumbusha kwamba kiapo chake bado kinamshika.

"Mama, huyu fundi alikuambia kama koti iko na mugongo?"

"Hapana."

"Alikuambia kama ni costume kamili, suti nzima?"

"Alisema costume ya kuzika. Minye sikumuuliza."

"Kama ungejua, ungelipa ile bei?"

Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa ile ya mtu aliyepasua kuni maisha yake yote. Wakili wa bima alikuwa anamngoja na kalamu. Nilijua kwamba akisema hapana, mimi nimekwisha, na nilijua kwamba ana haki ya kusema hapana.

"Nilimuambia fundi: bwana yangu avae muzuri, bantu bamuone mara ya mwisho," akasema. "Alivaa muzuri. Bantu bote balimuona. Nililipa ile kazi, na ile kazi ilifanyika."

Akashuka, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaendelea mpaka mlangoni na kutoka.

Mzee fundi naye aliitwa palepale. Hakimu akamwuliza kama ni kweli. Alivua miwani, akasema ni vile. Akaulizwa kitambaa ni kiasi gani, akasema nusu, na bitana hakuna. Akaamriwa kurudia hesabu yake, na safari hii aliandika kama tunavyoshona.

Hukumu ilikuja baada ya wiki kadhaa. Wakili wangu alinisomea polepole, kwa Kiswahili, kila hatua. Hakimu alisema kazi ilikuwa ya halali, maana bei ilikubaliwa kwa nguo ya kuzikia na nguo ya kuzikia ndiyo iliyotolewa. Hakuchukua mwezi wa baridi wenye vifo vingi wala mwezi uliokosa kazi. Alichukua wa katikati. Akatoa kitambaa, uzi, umeme, kodi ya chumba. Akanipa miezi ya hospitali yote kamili, na miaka iliyobaki kwa fungu la daktari, akikumbuka kwamba bado naweza kukata kwa mkono wa kushoto na kusimamia wengine. Na palipokosekana karatasi alisema wazi kwamba anakadiria kwa haki, na kwa sababu zipi. Hatukuwa matajiri. Lakini hakuna aliyekwenda Kambove, na cherehani zilibaki mahali pake.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, siku moja. Kisha mji ukajua, kama mzee alivyosema. Watu wengine walivuka njia waliponiona. Kijana mmoja alisimama mlangoni kwangu, hakusalimu, akauliza, "Na papa wangu?" Nikamwambia ndiyo, na papa wako. Akaondoka. Kazi za kilio zilikauka karibu zote. Hasara hiyo hakuna mahakama itakayoihesabu, kwa sababu niliisababisha kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kisha siku moja baada ya mvua, mchana, yule mama aliingia. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, mimi mezani. Alikataa kiti. Alitoa katika mfuko wa plastiki kipande cha kitambaa cha kijivu, akakiweka mbele yangu. Kilikuwa rangi ile ile ya koti la mume wake. Sijui alizunguka soko mara ngapi mpaka akakipata.

"Papa," akasema, "minakuomba mugongo."

Nikaanza kumweleza kwa upole, kama mtu mjinga, kwamba sasa haiwezekani, kwamba hatuwezi kumfikia tena.

"Minajua haiwezekani. Minye haiko mutoto." Alinyoosha kitambaa kwa kiganja. "Nitaibeba pale kwenye kaburi, nitaiweka mu udongo karibu yake. Alikuwa anabeba majiwe. Kila magaribi alikuwa ananiambia: mama, nisugulie mugongo. Siwezi kulala nikijua iko wazi."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Nikamwuliza kama anataka mshono wa katikati au kipande kizima. Akasema kizima. Nikamwambia vipimo vya kifua na vya mkono bado ninavikumbuka, wale niliowashonea sijawasahau, lakini mgongo sikuupima. Hakuna aliyeupima.

Kisha akaweka mkoba chini, akasimama katikati ya chumba, akafungua mikono na kuifunga polepole kuzunguka mgongo ambao haukuwepo, kichwa kimeinama upande mmoja, mpaka mikono ikafika mahali ilipokuwa inafika zamani. Hapo ikasimama.

"Hapa," akasema.

Mke wangu alichukua utepe wa kupimia lakini macho yake hayakuona namba. Nikauchukua kwa mkono wa kushoto. Niliweka ncha moja kwenye kiganja chake kimoja, nikaunyoosha mpaka kwenye kingine. Alikaa hivyo hivyo, hakutikisika, hakushusha mikono, mpaka nilipoisoma namba kwa sauti na mke wangu akachukua mkasi.